Mikrolita 100 za maji hazina miligramu 100

Mikropipeti ni kile kifaa cha mkono chenye kitufe juu na ncha ya plastiki chini, ambacho mtaalamu wa maabara hukitumia kuchota kiasi kidogo sana cha damu, kemikali au maji. Ukiiweka kwenye 100, inatakiwa itoe mikrolita 100, yaani kama matone mawili hivi. Ikitoa 97 au 103 hakuna jicho litakaloona tofauti, na namba iliyoandikwa kwenye kifaa itabaki ileile. Njia ya kuikamata ni kupima kwa mizani uzito wa maji inayoyatoa, kisha kuugeuza uzito huo kuwa ujazo. Hapo kwenye kuugeuza ndipo wengi hupotea.

Shuleni tulifundishwa kwamba mililita moja ya maji ni gramu moja. Kwa mpishi hilo linatosha, ila kwa mikropipeti halitoshi. Maji hukaribia gramu moja kwa mililita yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na hakuna maabara inayofanya kazi kwenye baridi hiyo. Kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyotanuka, na densiti yake hushuka: kwenye nyuzi 20 ni gramu 0.9982 kwa mililita, kwenye 25 ni 0.9970, na kwenye 30 ni 0.9957. Kwa hiyo ujazo uleule huwa mwepesi zaidi mchana wa joto kuliko asubuhi ya baridi.

Kuna na jambo la pili, ambalo halionekani kirahisi. Kama vile maji yanavyomwinua mwogeleaji, hewa nayo huinua kila kilichomo ndani yake. Mizani ilisawazishwa kwa mawe ya chuma cha pua, ambayo ni madogo kwa uzito wake na huinuliwa kidogo tu. Maji yenye uzito huohuo huchukua nafasi karibu mara nane ya chuma, hivyo huinuliwa zaidi, na mizani husoma pungufu kwa takriban sehemu moja katika elfu.

Wataalamu wameyaunganisha mambo hayo mawili katika namba moja wanayoiita Z. Majedwali yake yamo katika viwango vya kimataifa vya ISO 8655, vinavyohusu vifaa vya aina hii. Kwa mgandamizo wa hewa wa pwani, Z ni 1.0029 maji yakiwa na nyuzi 20, na ni 1.0040 yakiwa na nyuzi 25. Hesabu yenyewe ni fupi:

V = (m + e) × Z

V ni ujazo kwa mikrolita, m ni wastani wa uzito kwa miligramu, na e ni kiasi cha maji kilichopotea kwa mvuke kati ya usomaji mmoja na mwingine.

Tuichukue mikropipeti ya mikrolita 100. Mizani inayofaa hapa ni ile inayosoma hadi mia moja ya miligramu, na iwekwe mbali na feni na kiyoyozi. Maji yaliyosafishwa, mikropipeti na ncha zake vilale chumba kimoja angalau saa mbili ili vyote viwe na joto moja, na kipimajoto kizame ndani ya maji yenyewe. Joto la ukutani si joto la maji. Chota na umwage mara tano kwanza, ili ncha ilowe na hewa iliyo ndani ipate unyevu. Kisha shika kifaa wima, zamisha ncha milimita mbili au tatu tu, achia kitufe taratibu na ungoje sekunde moja kabla ya kuitoa. Unapotoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa kichombo kilichoko juu ya mizani, ubonyeze kitufe hadi kituo cha kwanza, halafu cha pili. Rudia mpaka upate masomo kumi.

Tuseme maji yana nyuzi 25 na mizani imetoa, kwa miligramu: 99.12, 99.05, 99.20, 98.98, 99.10, 99.15, 99.02, 99.08, 99.18 na 99.12. Wastani ni 99.10. Kichombo kilipoachwa bila kuongezwa maji kwa muda unaolingana na mzunguko mmoja, kilipoteza miligramu 0.03, basi tunazirudisha na kupata 99.13. Zidisha kwa 1.0040, unapata mikrolita 99.53.

Kosa linaloruhusiwa kwa mikropipeti ya ukubwa huu ni mikrolita 0.8 juu au chini. Yetu imepungua 0.47, kwa hiyo imefaulu. Masomo nayo yametawanyika kwa mikrolita 0.07 tu, ilhali kikomo ni 0.3. Lakini aliyeisoma 99.10 kama mikrolita moja kwa moja angesema imepungua 0.90, akakitupa kifaa kizima au, vibaya zaidi, akakikaza kwa ufunguo wake hadi kikaanza kutoa kupita kiasi.

Upande wa pili ndio unaonitisha zaidi. Mikropipeti inayotoa wastani wa miligramu 100.60 huonekana njema, imezidi 0.6 tu. Ukirudisha mvuke na kuzidisha kwa Z, inakuwa mikrolita 101.03. Hiyo imeshindwa, na bila hesabu ingerudi kazini na kibandiko cha kufaulu.

Masomo yenyewe pia husema. Yakishuka hatua kwa hatua kutoka la kwanza hadi la kumi, shuku mvuke, au joto la mkono wako linalotanua hewa ndani ya kifaa; kiweke kwenye stendi kipumzike. Yakiruka huku na huko, huenda ncha haikukaa sawasawa au mpira wa ndani umechakaa. Chota maji, shika kifaa wima kwa sekunde ishirini: tone likijitokeza kwenye ncha, kinavuja. Yakiwa karibu karibu lakini yote yako upande mmoja, hapo ndipo marekebisho yana maana.

Pima pia kwenye 50 na kwenye 10, usiishie 100. Kikomo cha mikrolita 0.8 hakipungui unaposhuka, na kwenye mikrolita 10 hiyo ni asilimia 8. Kifaa kinaweza kufaulu kwa kiwango na bado kisifae kwa kazi yako ya chini. Kwa mikrolita 10 ni afadhali utumie mikropipeti ndogo.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, lakini Z haibadiliki sana: kwenye nyuzi 25 hutoka 1.0040 hadi 1.0038. Kinachobadilika ni kifaa. Kati ya pistoni na maji kuna hewa, na maji yaliyochotwa huivuta kwa uzito wake. Penye mgandamizo mdogo hewa hiyo hutanuka zaidi, hivyo maji yanayoingia hupungua. Kifaa kilichohakikiwa pwani kihakikiwe upya kikipelekwa nyanda za juu.

Ukiletewa cheti cha mikropipeti yako, tafuta joto la maji, mgandamizo wa hewa na Z iliyotumika. Visipokuwepo, kirudishe.