Ahadi Iliyojificha Kwenye Pindo la Sketi

Kipeperushi kilikuwa nusu ya karatasi ya A4, rangi ya njano. Juu kabisa lilikaa jina la duka, limekula robo nzima ya karatasi. Chini yake: KARIBUNI! KARIBUNI! KARIBUNI! Kisha yakafuata maneno haya: "Kwa mahitaji yako yote ya sare za shule. Ubora wa hali ya juu, bei nafuu na huduma bora kwa wateja." Mwenye duka, dada anayeshona na kuuza sare Mbagala, jijini Dar es Salaam, alichapisha nakala 500 mwezi Desemba na kuzigawa kituo cha daladala. Shule zikafunguliwa Januari, na hakutokea mzazi hata mmoja aliyesema ameletwa na karatasi ile.

Kazi yangu ni kuandika matangazo, kwa hiyo aliponionyesha nilimwomba afanye jambo moja: afunike jina la duka lake kwa kidole, halafu afikirie jina la duka la jirani yake liko pale. Akasoma tena. Kila neno lilimfaa jirani. Ukiondoa "sare za shule" ukaweka "mabati", lingemfaa hata muuza mabati. Maneno yanayoweza kuhama duka hadi duka bila kuvunjika hayajasema lolote kuhusu duka lako.

"Ubora" ni neno ambalo msomaji hana namna ya kulipima akiwa amesimama kituoni. Na "karibuni", japo ni adabu yetu na mimi naipenda, hutamkwa mlangoni kwa mtu aliyekwisha kufika. Anayepokea karatasi huku akiangalia kama daladala lake limekuja bado hajaamua kwenda popote. Anaitupia jicho kwa sekunde chache, anasoma mstari ulio mkubwa kuliko yote, kisha ama anaikunja kuiweka mfukoni au anaiachia hapo hapo. Kichwa cha kipeperushi kinapigania sekunde hizo tu, na njia ya uhakika ya kuzipata ni kumwambia mtu huyo jambo moja litakalomfaa yeye.

Jambo lenyewe halitungwi mezani. Nilikaa dukani kwake asubuhi moja nikiwa na daftari, nikaandika maswali ya wateja kama walivyoyasema. Wengi waliuliza bei. Lakini swali lililorudi mara nyingi kuliko nilivyotarajia lilikuwa la namna hii:

"Dada, hii si itamfupia kabla ya mwezi wa kumi? Nipe kubwa zaidi, akue nayo."

Na jibu lake lilikuwa lile lile kila mara:

"Usichukue kubwa, mama. Chukua inayomkaa. Hapo ndani nimeacha pindo pana, akirefuka mlete nikushushie."

Mteja alipoondoka nikamuuliza, "Na kushusha unatoza kiasi gani?"

"Nitoze nini, kaka? Ni kazi ya dakika chache, na mama wa watu kanunua kwangu."

Nikamwambia kichwa cha kipeperushi chake nimekwisha kukisikia.

Kila mzazi anajua sketi ya marinda inayofika kwenye vifundo vya miguu Januari, au suruali iliyokazwa kwa mkanda mpaka kiuno kimejikunja kama gunia. Watu hununua hivyo kwa sababu watoto hurefuka na pesa haziongezeki. Mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka kabla ya kubalehe. Pindo la inchi 3, ambalo dada huyu huliacha kwenye sketi na suruali zake, ni kama sentimita 7 na nusu. Kwa watoto wengi, basi, kitambaa cha kufika mwakani kimo ndani ya nguo tangu siku ya kununua.

Tulipoanza kuandika, yeye alianza pale wenye maduka wengi wanapoanzia, kwenye bidhaa: "Sketi na suruali zenye pindo la inchi 3." Ni kweli tupu, lakini mzazi si fundi, inchi 3 hazimwambii kitu. Hapo kuna swali fupi ninalolitumia: ili iweje? Pindo ni pana, ili iweje? Ili lishushwe. Lishushwe ili iweje? Ili mtoto akirefuka asinunuliwe nyingine. Majibu mawili matatu yanatosha kukufikisha mahali ambapo mteja anajiona mwenyewe. Usipitilize, maana ukiendelea kuuliza utaishia kwenye "ili uwe na furaha", na hapo umerudi kwenye maneno ya kila duka.

Andiko la pili lilikuwa "Sare inayokua na mwanao." Dada alilipenda, nami nakiri linasikika vizuri. Nikampa kijana wa duka la pili asome aniambie ameelewa nini. Akasema labda ni kitambaa cha kuvutika. Neno tamu linaloeleweka vingine halijaahidi kitu. La tatu lilikuwa "Nunua sare moja, itumie miaka miwili." Hilo linaeleweka mara moja, ila linaahidi asichokimudu. Suruali ya mvulana hupauka na kuchanika makalioni kwa kuburuzwa kwenye dawati na mchangani, na pindo haliwezi kuzuia hilo. Ahadi ya kichwa iwe juu ya jambo lililo mikononi mwa duka, na lililo mikononi mwake ni kushusha.

La nne ndilo lililobaki:

Mwanao akirefuka, tunakushushia pindo bure.

Tazama kitenzi. Angeweza kuandika "tunashusha pindo", na ingekuwa sahihi. Lakini Kiswahili kimetupa "tunakushushia", ambamo anayefanya, anayefanyiwa na hisani yenyewe vimo ndani ya neno moja. Vipeperushi vyetu vimejaa "utoaji wa huduma" na "upatikanaji wa bidhaa", majina makavu yasiyomhusu mtu, ilhali tuna tunakuletea, tunakupimia, tunakutengenezea. Ukikwama kwenye kichwa, tafuta kitenzi cha aina hiyo kwanza.

Dada akaingiwa na wasiwasi. "Lakini mafundi wengine pia wanashusha. Si mimi peke yangu."

Huo ni wasiwasi wa zamani. Mwandishi wa matangazo wa Marekani, Claude Hopkins, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1927 jinsi alivyotembezwa kwenye kiwanda cha bia cha Schlitz, wakati ambapo kampuni zote za bia zilikuwa zikipiga kelele neno moja, kwamba bia yao ni safi. Akaonyeshwa visima virefu vya maji na chupa zinazooshwa kwa mashine tena na tena. Alipouliza kwa nini hawawaambii watu hayo, akajibiwa kwamba kila kiwanda hufanya vivyo hivyo. Hopkins akayaandika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyasema. Mbagala nako mafundi wanashusha pindo, ila hakuna aliyeliandika kwenye karatasi, na mzazi wa kituoni hasomi mawazo ya fundi.

Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi: kuacha vingine. Alitaka pia mabegi, viatu, soksi, nembo za shule na bei nafuu, vyote juu. Nikamwambia vitapata nafasi chini, kwa herufi ndogo. Mzazi akipewa sababu 6 kwa pamoja hakumbuki hata moja, na ile ya pindo, ambayo ndiyo yake, itazama kati ya zile zilizo za kila duka.

Ahadi ya wazi ina gharama yake, na ilibidi tuihesabu kabla ya kuchapa. Watu watakuja kuidai. Je, fundi atamudu? Kazi ya kushusha haiji Januari, wakati cherehani zimelemewa. Huja zaidi Julai shule zinapofunguliwa tena, na wakati huo duka lake limetulia. Atajuaje nguo ni yake? Risiti hupotea, kwa hiyo tukaamua kila nguo ishonwe uzi mwekundu mfupi ndani ya mkanda wa kiuno. Na kuna jambo la kitambaa: pindo la zamani likifumuliwa huacha mstari, na sehemu iliyokuwa imejificha huwa na rangi iliyokolea kuliko nyingine. Pasi yenye mvuke hupunguza mkunjo, lakini rangi hairudi. Dada aliamua kumweleza kila mteja jambo hilo anaponunua, nami naona alifanya vyema. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Na hata isingekuwepo, mzazi aliyedanganywa huwasimulia majirani.

Kwa hiyo chini ya kichwa tuliweka mistari miwili ya kukitegemeza: "Kila sketi na suruali ya shule tunaiachia pindo la inchi 3. Nunua saizi inayomkaa leo. Ndani ya mwaka mmoja mlete tushushe." Kisha mahali duka lilipo, kwa alama ambayo mtu wa Mbagala anaijua, na namba ya simu. Jina la duka lilishuka chini. Hilo lilimuuma kidogo, na namwelewa, lakini mtu hutafuta jina baada ya kupata sababu.

Kichwa tulikigawa katika mistari miwili, na tukakivunja pale pumzi inapokata: "Mwanao akirefuka," halafu "tunakushushia pindo bure." Kijana wa steshenari alikuwa amekiweka chote kwa herufi kubwa. Tukamrudisha kwenye herufi za kawaida, maana TUNAKUSHUSHIA likiandikwa hivyo ni ukuta mmoja wa matofali. Vitenzi vyetu ni virefu, na jicho hulitambua neno refu kwa urahisi zaidi herufi zake zinapopanda na kushuka.

Mwisho tulichapa nakala 100 za kichwa kipya na 100 za cha zamani, kila aina na alama yake ndogo pembeni, zigawiwe kituo kile kile, saa zile zile, moja baada ya nyingine. Anayekuja na karatasi dukani, inawekwa kwenye kopo lake. Zikirudi 6 za kipya na 4 za zamani, hujajifunza kitu, ni bahati tu. Zikirudi 12 kwa 1, unaweza kuchapa nyingi.

Na kama huna hata pesa ya nakala 200, fanya hivi kabla ya kwenda steshenari. Mpe karatasi yako mtu asiyelijua duka lako, hesabu kimoyomoyo hadi tano, mnyang'anye, umuulize: "Hawa watanifanyia nini?" Akijibu kwa sentensi moja iliyo sawa na uliyokusudia, chapisha. Akisema "wanauza sare", rudi dukani ukawasikilize wateja tena.