Umepata kadi yake kwenye kongamano. Sasa umwandikie nini, na lini?

Tuseme wewe ni mfugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Una mizinga yako kwenye msitu wa miombo, una kikundi cha wenzako mnaouza asali kwa pamoja, na mwezi Machi mmepata nafasi ya kuhudhuria kongamano la wasindikaji wa vyakula jijini Arusha. Siku ya pili, Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, unajikuta umesimama kando ya mama mmoja anayenunua bidhaa kwa ajili ya maduka kadhaa ya Nairobi. Anakueleza kwamba asali aliyouziwa mwaka jana ilichacha ikiwa rafuni: ilitoa povu, vifuniko vikavimba, wateja wakarudisha chupa. Unamweleza kwamba nyinyi hupima unyevu kabla ya kufungasha, na kwamba pipa la mwisho lilisoma asilimia 18.5. Anakupa kadi na kusema, "Nitumie hicho cheti cha maabara nikione." Kengele inalia, kila mtu anarudi ukumbini.

Mazungumzo hayo hayakuzidi dakika saba, lakini yamekuachia vitu viwili ambavyo wengi hutoka navyo kwenye makongamano na kuvipoteza kabla ya kufika nyumbani. Cha kwanza ni tatizo lake, asali iliyochacha. Cha pili ni ombi lake, cheti. Namba ya simu ataipata yeyote aliyeomba kadi, na siku hiyo mama huyo huenda amegawa kadi thelathini. Atakachokukumbukia ni asali na vifuniko vilivyovimba, kwa hiyo ndicho cha kuandika nyuma ya kadi kabla hujatoka kwenye jengo: tarehe, "asali ilichacha, vifuniko, anataka cheti cha unyevu". Ukisubiri hadi usiku, ukiwa na kadi kumi na mbili mfukoni, utakuwa hujui nani alisema nini.

Jioni ile ile, au kesho yake asubuhi, mtumie ujumbe mfupi wa WhatsApp. Kazi ya ujumbe huu ni moja tu: namba yako iingie kwenye simu yake ikiwa na maelezo, angali anaikumbuka sura yako. Usiombe kitu, usitume picha za mizinga, usitume ujumbe wa sauti. Andika hivi:

"Habari za jioni, dada. Ni mimi wa asali ya Sikonge, tulizungumza leo wakati wa chai juu ya ile asali iliyochacha. Cheti cha unyevu ulichoniomba nitakutumia kwa baruapepe Jumanne asubuhi. Nakutakia safari njema ya Nairobi."

Neno "dada" liko pale kwa sababu ndivyo ulivyomwita mlipokuwa mmesimama. Kama ulimwita mama, mwandikie mama. Kama ulimwita kwa cheo chake, endelea na cheo. Mtu aliyeitwa "dada" kwenye chai akaandikiwa "Mheshimiwa Mkurugenzi" jioni ataona kama ameandikiwa na mtu mwingine. Jina lako kamili na la kikundi liweke chini ya ujumbe.

Kuna kosa moja ambalo vijana wengi na hata watu wazima hulifanya kwa nia njema kabisa. Anatuma "Habari" peke yake, kisha anasubiri ajibiwe salamu ndipo aeleze shida. Uso kwa uso huo ni uungwana. Kwenye simu ya mtu asiyeitambua namba yako, neno hilo moja linamlazimisha ajibu bila kujua anamjibu nani wala anataka nini, na wengi hawajibu. Salamu, utambulisho na jambo lenyewe viende pamoja katika ujumbe mmoja. Adabu haipungui.

Kwa nini Jumanne? Kongamano limekwisha Ijumaa. Jumamosi yuko njiani, anavuka Namanga. Jumatatu anakuta kazi za siku mbili zimemsubiri, pamoja na baruapepe za watu wote waliopata wazo la kumwandikia Jumatatu asubuhi. Jumanne saa tatu au saa nne asubuhi meza yake imeanza kupumua, na bado hazijapita siku nyingi kiasi cha kukusahau. Ukivuka wiki nzima itakubidi uanze kujieleza upya. Ijumaa mchana iepuke: wapo wanaokwenda msikitini, wapo wanaofunga hesabu za wiki, na ujumbe wa saa tisa alasiri utalala hadi Jumatatu.

Uzito wote uko kwenye baruapepe hiyo ya Jumanne, na inaanzia kwenye kichwa chake. "Habari" si kichwa, wala "Ushirikiano wa kibiashara", maana hayo yanaweza kutoka kwa mtu yeyote. Andika: "Asali ya Sikonge: cheti cha unyevu ulichoomba Arusha". Akikitafuta mwezi ujao atakiona. Kisha:

"Habari za asubuhi, dada,

Asante kwa mazungumzo yetu ya Ijumaa kule Arusha. Ulinieleza kwamba asali ya mwaka jana ilichacha ikiwa rafuni. Nimeambatanisha cheti cha maabara cha pipa letu la mwisho: unyevu ni asilimia 18.5. Kila pipa tunalipima tena siku ya kufungasha na tunaandika namba yake kwenye lebo, ili chupa ikileta shida ijulikane imetoka wapi.

Ningependa kuuliza jambo moja: mnapopokea sampuli, huwa mnataka chupa ya ukubwa gani?

Wako,
(jina lako, kikundi, simu)"

Tazama mpangilio wake. Shukrani imechukua sentensi moja. Tatizo lake limetangulia sifa zako. Alichoomba kimekuja kama alivyokiomba, kiambatisho kimoja, wala si faili kumi zenye historia ya kikundi na picha za mgeni rasmi. Tena barua inamalizikia kwenye swali ambalo anaweza kulijibu kwa maneno matatu akiwa kwenye foleni ya lifti: "Nusu kilo inatosha." Ukiuliza "Je, tunaweza kupanga kikao tujadili namna ya kushirikiana?" unamtaka afungue kalenda, afikirie ajenda, pengine amuulize bosi wake. Ataiweka kando ili aijibu vizuri baadaye, na baadaye haifiki. Swali dogo lina faida nyingine: akijibu ukubwa wa chupa, ameshakubali kwamba sampuli itakuja.

Ile namba 18.5 ina nguvu kwa sababu yeye anajua maana yake. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakitaki unyevu wa asali kuzidi asilimia 20, na kadiri maji yanavyozidi hapo ndivyo hamira za asili zilizomo ndani ya asali zinavyopata nafasi ya kufanya kazi na kuichachusha. Namba hiyo inapatikana hata kijijini, kwa kile kifaa kidogo cha mkononi: unadondosha tone la asali kwenye kioo chake, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia mstari umeishia wapi. Lakini aliomba cheti cha maabara, basi mpe cha maabara. Kama huna, usimpe picha ya kifaa ukitumaini haitamsumbua. Mwandikie Jumanne ile ile kwamba sampuli imepelekwa maabara na taja siku ambayo majibu yatatoka. Ahadi yenye tarehe inavumilika, kimya hakivumiliki.

Haya, Jumanne imepita, Jumatano, Alhamisi, hakuna jibu. Kwenye WhatsApp umeona tiki za bluu. Hapa ndipo watu wanapoharibu, ama kwa kupiga simu mara nne kwa siku, ama kwa kukata tamaa na kusema hawa wa Nairobi wana dharau. Tiki za bluu zinakuambia kwamba ujumbe umefunguliwa, basi. Mnunuzi wa maduka anaweza kuusoma akiwa ghalani na kuusahau kabla hajarudi ofisini.

Subiri wiki moja tangu baruapepe, yaani Jumanne inayofuata, kisha andika mara ya pili juu ya baruapepe ile ile ili historia yote iwe chini yake. Usiandike "Nakumbusha tu" wala "Sijaona jibu lako", kwa sababu maneno hayo yanamfanya adaiwe. Mletee jipya:

"Habari, dada. Wiki hii tumepima pipa lingine, limesoma asilimia 18.9, cheti chake nacho nimekiambatanisha. Kama sampuli ya nusu kilo inafaa, niambie tu 'sawa' nianze kuulizia utaratibu wa kuivusha Namanga."

Ikipita hivyo hivyo, ngoja wiki mbili au tatu, uandike mara ya tatu na ya mwisho kwa sasa. Huu unamwondolea mzigo na kukuachia wewe sababu halali ya kurudi:

"Habari za siku, dada. Najua una mengi, kwa hiyo sitakusumbua zaidi kwa sasa. Msimu wetu mkubwa wa kurina uko katikati ya mwaka. Asali mpya ikishapimwa nitakuandikia matokeo."

Kisha nyamaza kweli, na msimu ukifika andika kweli. Wanunuzi wengi hawana nafasi ya bidhaa mpya siku unayowaandikia. Wanaitafuta siku mzabuni wao wa zamani anapowaangusha, na siku hiyo hufungua baruapepe na kuandika neno "asali" kwenye sehemu ya kutafuta.

Jibu nalo lina namna ya kulisoma. "Asante, nimeiona" ni adabu. Fuata ratiba yako kama kawaida. Akikuuliza swali lolote, hata dogo, kama vile mna tani ngapi kwa msimu, mjibu siku hiyo hiyo kwa namba ya kweli. Tani tatu mnazoweza kuzijaza zina thamani kuliko kumi za kuahidi. Akisema hapana, mshukuru, na umuulize kwa heshima kama yuko mwenzake anayetafuta asali ya aina hiyo.

Jibu ambalo watu hulidharau ni hili: "Wasiliana na mtu wetu wa ubora." Wengi huona wamesukumwa pembeni, kumbe wamefunguliwa mlango wa ndani, maana mtu wa ubora ndiye anayesema asali hii iingie au isiingie. Mwandikie siku ile ile, ukimtaja aliyekutuma katika sentensi ya kwanza: "Nimeelekezwa kwako na dada fulani wa manunuzi, ambaye tulikutana Arusha mwezi Machi na akaomba vyeti vya unyevu vya asali yetu. Nimeviambatanisha vyote viwili. Je, kuna kipimo kingine mnachokihitaji kabla ya sampuli?" Muweke na yule dada kwenye nakala ya baruapepe hiyo ya kwanza, ili ajue kwamba umelifanyia kazi neno lake. Sampuli ikishapokelewa, mwandikie yeye peke yake mstari mmoja wa shukrani, hata kama majibu ya ubora bado hayajatoka.