Barua Pepe ya Kila Wiki ya Mradi: Kilichofanyika, Kilichokwama na Kinachosubiri Uamuzi

Mtaro wa maji ya mvua ukichimbwa mtaani Pumwani, wenye neno katika kazi hiyo ni wengi. Yuko mhandisi wa kaunti, mkandarasi, msimamizi wa wadi, mwakilishi wa wadi, kamati ya mradi, kampuni ya maji na wenye vibanda kando ya barabara. Hawa hawawezi kukutana kila siku. Njia mojawapo ya kuwaweka pamoja ni barua pepe fupi inayotumwa siku ile ile kila wiki, yenye sehemu tatu: maendeleo, matatizo na maamuzi yanayohitajika.

Sehemu ya tatu ndiyo inayoamua kama barua ina faida au la. Mradi unaweza kuwa na pesa na mafundi, ukasimama kwa sababu kila ofisi inadhani ni nyingine inayopaswa kusema ndiyo.

Ufuatao ni mfano wa kubuni. Mtaro wa mita 360 unajengwa Majengo, ukiteremka kuelekea Gikomba na Mto Nairobi. Kazi imepangiwa wiki 12, yaani mita 30 kwa wiki, na inaanzia chini kupanda juu ili maji yawe na pa kutokea. Wiki ya tano mafundi wanakuta bomba la maji likikatiza njia ya mtaro. Alhamisi jioni barua inatoka hivi:

Mada: Mtaro wa Majengo, wiki ya 5 kati ya 12: uamuzi unahitajika kufikia Alhamisi ijayo

Maendeleo. Mita 120 zimekamilika. Mpango ulikuwa 150. Wiki hii zimejengwa mita 12.

Matatizo. Bomba la maji linakatiza mtaro kwenye mita ya 122. Kazi ya hapo imesimama tangu Jumanne. Mafundi watahamia juu ya bomba, lakini mhandisi ameruhusu mita 60 tu kabla ya pande mbili kuunganishwa. Hiyo ni kazi ya wiki 2.

Uamuzi unaohitajika. Mhandisi wa kaunti, kwa kukubaliana na kampuni ya maji, achague: (A) bomba lishushwe chini ya mtaro, maji yafungwe siku moja, au (B) mtaro upite juu ya bomba, uwe na kina kidogo na upana zaidi, vibanda viwili visogezwe nyuma. Kamati inapendekeza A. Uamuzi usipopatikana kufikia Alhamisi, kazi yote itasimama mwisho wa wiki ya 7.

Barua hiyo inasomwa kwa dakika mbili. Nguvu yake iko katika mambo machache.

Kwanza, maendeleo yameandikwa kwa kitu kinachopimika. Mkazi yeyote mwenye futi kamba anaweza kwenda kuhakikisha mita 120. Maneno kama “kazi inaendelea vizuri” hayawezi kuhakikishwa na mtu. Asilimia nayo inaweza kudanganya. Uchimbaji unaweza kuonekana kama nusu ya kazi, na bado kuta, vifuniko na kuondoa udongo vikabaki. Ndiyo maana kuna miradi inayokaa kwenye “asilimia 90” kwa miezi. Ni afadhali kuhesabu mita zilizokamilika kabisa, vifuniko vikiwemo, na kuandika kando yake idadi iliyopangwa.

Pili, tatizo limetenganishwa na uamuzi. Tatizo ni jambo lililotokea: bomba liko njiani. Uamuzi ni swali ambalo mtu fulani lazima alijibu. Barua ikisema tu “tuna changamoto ya bomba, tunaomba ushirikiano”, kila msomaji atasikitika na hakuna atakayejibu. Uamuzi ulioandikwa vyema una mambo manne: nani anaamua, achague kati ya nini na nini, kufikia lini, na nini kitatokea akichelewa. Kila chaguo lielezwe pamoja na gharama yake. Chaguo A linawanyima wakazi maji kwa siku moja. Chaguo B haliwanyimi maji, lakini mtaro wenye kina kidogo hupunguza mteremko wa sehemu ya juu, maji hupita polepole, na mchanga na taka hutuama humo miaka yote inayofuata.

Tatu, siku ya mwisho haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ilipatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kazi iliyobaki juu ya bomba inaisha Ijumaa ya wiki ya 7. Katika mfano huu, wakazi wanahitaji notisi ya siku tatu kabla ya maji kufungwa, bomba linashushwa kwa siku moja, na siku nyingine ni ya kumwaga zege. Jumla ni siku tano za kazi. Uamuzi ukija Alhamisi ya wiki ya 6, zege linamwagwa Alhamisi ya wiki ya 7 na kunabaki siku moja tu ya akiba. Kuandika “haraka iwezekanavyo” kungeficha hesabu hiyo yote.

Kuchelewa hapa si suala la ratiba peke yake. Mtaro wa juu usio na pa kutokea ni shimo la kukusanya maji. Mvua za masika za Machi hadi Mei zikiukuta hivyo, maji yatajaa mbele ya milango ya watu. Walioona mafuriko ya Nairobi ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Barua mbaya hujulikana kwa kulinganisha wiki na wiki. Tatizo lile lile likiandikwa mara tatu kwa maneno yale yale, bila jina la mwenye kulishughulikia, basi halishughulikiwi. Tarehe ya kumaliza ikisogea bila sababu kutajwa, kuna tatizo lililofichwa. Na barua ambayo haina tatizo hata moja kwa wiki nyingi iwafanye wanakamati waende kutazama kazi wenyewe. Kwa hiyo kila barua ianze kwa kujibu maamuzi ya wiki iliyopita: lipi limetolewa, na nani, na lipi bado.

Barua hii ina mipaka yake. Si amri kwa mkandarasi. Mabadiliko ya kazi hutolewa kwa maandishi na mwenye mamlaka chini ya mkataba. Si hati ya malipo pia. Na inapotumwa kwa wakazi wengi, anwani zao ziwekwe kwenye nafasi ya `Bcc`, ili zisionekane na kila mtu. Wasiotumia barua pepe wabandikiwe nakala iliyochapishwa kwenye ubao wa mradi.

Mkazi asiyemo kwenye orodha pia ana njia. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa itoe jibu ndani ya siku 21. Ombi lenye manufaa huuliza mambo matatu: kazi iliyokamilika hadi leo ikilinganishwa na mpango, kilichokwama, na uamuzi unaosubiriwa uko mezani kwa nani.