Kwa Nini Povu Hutoka Mara Moja?

Bila shaka umewahi kuona dawa ya kusafishia vidonda iitwayo haidrojeni peroksidi. Ndani ya chupa imetulia kama maji. Ikidondoshwa kwenye kidonda chenye damu, inatoa povu pale pale. Povu lile ni hewa ya oksijeni. Dawa inavunjika, inageuka kuwa maji na oksijeni.

Hata ndani ya chupa dawa hiyo inavunjika, lakini polepole mno, huwezi kuona kwa macho. Kwenye damu kuna kitu kinachoharakisha kazi hiyo. Kitu kama hicho huitwa kichocheo. Kinaharakisha, lakini chenyewe hakitumiki kikaisha. Leo tutapiga hesabu: kinaharakisha mara ngapi?

Chukua watu waliobeba mizigo, mbele yao kuna kilima. Mwenye nguvu za kutosha anavuka, asiyekuwa nazo anarudi. Chembe za dawa nazo zina kilima chao: lazima chembe ipate nishati ya kiasi fulani ndipo ivunjike. Kichocheo hakiwaongezei wabebaji nguvu. Kinawaonyesha njia nyingine yenye kilima kifupi.

Wanakemia wamepima vilima hivyo. Dawa ikiwa peke yake, kilima ni kama kilojuli 75 kwa kila gramu 34 za dawa tupu, yaani isiyochanganywa na maji. Ukitia chumvi ya maabara iitwayo potasiamu iodidi, kilima kinakuwa kama 56. Kimepungua kwa 19.

Nilipoandika namba hizo ubaoni, mzee mmoja alisema, "Mwalimu, 75 kwa 56 si tofauti kubwa. Basi kasi itaongezeka kidogo tu, haifiki hata mara mbili."

Nikamjibu, "Mzee wangu, ungekuwa unagawa mahindi, ungepata. Lakini hapa hatugawi 75 kwa 56. Tunatazama ile 19 iliyopungua."

Sababu ni hii. Chembe zenye nguvu nyingi ni chache sana. Katika joto la 27 sentigredi, kila ukiongeza kilima kwa kilojuli 5.7, kati ya chembe 10 zilizokuwa zinaweza kuvuka anabaki mvukaji 1 tu. Basi ukipunguza 5.7, wavukaji wanakuwa mara 10. Na ukipunguza 1.7 tu, wanakuwa mara 2.

Sasa tupige hesabu yetu. Ndani ya 19 mna 5.7 ngapi? Mna tatu, jumla 17.1. Tunazidisha: 10 mara 10 mara 10, ni 1,000. Imebaki 1.9, ambayo ni zaidi kidogo ya 1.7, kwa hiyo tunazidisha tena kwa 2. Jibu ni karibu mara 2,000. Kazi ya mwaka mzima itamalizika kwa saa nne na kitu! Mzee alirudia hesabu ile mwenyewe kwenye daftari lake, akapata vile vile.

Ile 5.7 imetoka wapi? Chukua joto, 27, jumlisha 273, upate 300. Hiki ndicho kipimo cha Kelvini. Zidisha kwa 0.019, unapata 5.7. Wengi wanakosea hapa kwa kusahau kujumlisha 273. Ukipata jibu lenye sifuri nyingi za ajabu, rudi uangalie hapo kwanza.

Joto likiwa 77, hatua inakuwa karibu 6.7, na kichocheo kile kile kinaharakisha kama mara 700 tu. Si kwamba kimechoka. Kwenye joto kali chembe nyingi zinavuka hata kilima kirefu, kwa hiyo msaada wake unaonekana mdogo.

Lakini hesabu hii inachukulia kwamba kilichobadilika ni kilima peke yake. Kwa kweli njia mpya inaweza kuwa na mambo yake, na wingi wa kichocheo nao una kazi. Tena dawa inapovunjika inatoa joto, na joto likipanda hesabu ya 27 haifai tena. Ndiyo maana wanaopima hutumia dawa iliyozimuliwa kwa maji mengi.

Kile cha kwenye damu kinashusha kilima zaidi ya chumvi ile. Kimo pia ndani ya maini mabichi. Dondoshea dawa kipande cha ini bichi, povu linafurika. Lichemshe kwanza, halafu lipoe: hutaona povu la maana, maana moto umekiharibu kichocheo.

Kwa hiyo dawa iliyokwisha kugusa kidonda usiirudishe chupani. Damu kidogo inatosha kuivunja yote, na oksijeni ikifungiwa chini ya kifuniko inaweza kuipasua chupa.