Kuku Aliyelalia Mawe

Shangazi yangu, anayefuga kuku wa kienyeji mkoani Singida, ana mawe matano ambayo haruhusu mtoto yeyote kuyachezea. Aliyaokota korongoni, laini na mviringo, kila moja likienea kiganjani kama yai. Mara ya kwanza kuyaona yanafanya kazi nilicheka. Kuku mwekundu alikuwa ameyalalia kwenye kikapu cha majani makavu, kajitandaza kama mkeka, na niliposogeza mkono alivimbisha manyoya, akanguruma kooni, akanidonoa mpaka ngozi ikachubuka. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Huyu watoto hakuwa nao, na mawe yalikuwa chini yake.

Ni rahisi kusema kuku ni mjinga, hajui jiwe na yai. Lakini mwili wake hauulizi swali hilo hata kidogo. Unachouliza ni kama kuna kitu cha mviringo, kigumu, kinachogusa ngozi ya tumbo.

Mambo huanza kabla hajaketi. Kuku wa kienyeji hutaga yai moja kwa siku, akiruka siku moja moja, mpaka yafike kumi au zaidi. Muda huo hayalalii. Hutaga, hutetea, huondoka. Yai lenye mbegu ya jogoo halikui likiwa baridi, husubiri. La Jumatatu na la Jumapili ijayo yataanza safari siku moja, joto likiyafikia, na vifaranga watatoka karibu pamoja. Wangepishana wiki nzima, mama angelazimika kuwaongoza wa kwanza kwenda kula huku wa mwisho wakipoa kiotani.

Kadiri mayai yanavyoongezeka ndivyo kuku anavyokaa zaidi kiotani, hasa kikiwa mahali pa gizagiza na joto. Hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huzidisha homoni iitwayo prolaktini. Mwaka 1935 mtafiti Mmarekani Oscar Riddle na wenzake walionyesha kwamba kuku anayetaga akidungwa homoni hii anaweza kuacha kutaga na kuanza kulalia. Ikipanda, homoni zinazoendesha utagaji hushuka na kifuko cha mayai husinyaa. Ndiyo maana kuku aliyeketi haongezi yai.

Wakati huohuo manyoya ya tumboni hupukutika. Ukimgeuza utaona ngozi tupu, nyekundu, yenye moto. Mishipa ya damu imetanuka pale ili joto lipite moja kwa moja hadi kwenye mayai. Kwangu mimi, siri ya ukaidi wote iko kwenye kipande hiki cha ngozi. Kina neva zinazopeleka habari kwenye ubongo kila kinapogusa kitu kiotani. Ubongo ukipata habari hiyo huendelea kumwaga prolaktini, na prolaktini humfanya aendelee kukaa. Kukaa kunaleta mguso, mguso unaleta homoni, homoni inaleta kukaa. Ni duara, na jiwe linatosha kabisa kulizungusha. Kwa bata mzinga, neva hizo zikikatwa, jike hashiki kulalia kama kawaida.

Duara hilo halina kalenda. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini ukimwekea kuku mayai ya kanga au ya bata wa kawaida, ambayo huchukua takriban siku 28, atakaa siku hizo saba za ziada bila kunung'unika. Kinachomtoa ni vifaranga wenyewe. Huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, naye huwajibu kwa sauti ya chini. Wakishatoka na kujipenyeza chini ya mbawa, mwili wake huacha kazi ya kulalia na kushika ya kulea. Mawe hayalii, kwa hiyo aliye juu ya mawe husubiri tu, na anaweza kupitiliza wiki tatu.

Gharama yake si ndogo. Anashuka mara moja kwa siku, kwa dakika kumi na tano au ishirini hivi, anakula haraka, anakunywa, anaangusha kinyesi kikubwa chenye harufu kali alichokibana tangu jana, kisha anarudi. Hata ukimwekea mtama puani hula kidogo, kwa sababu hamu yenyewe imepungua, na anaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Sasa mawe ya shangazi. Alikuwa na mitetea minne iliyotaga karibu wakati mmoja, lakini haikuketi siku moja. Mwekundu alitangulia. Angepewa mayai yake siku ileile, shangazi angeishia na vifaranga wa umri tofauti, na wakubwa huwakanyaga wadogo na kuwanyang'anya chakula. Kwa hiyo alimwondolea mayai, akamwachia mawe. Mayai aliyahifadhi kwenye kapu, ncha nyembamba ikiangalia chini, mahali pa baridi. Ndani ya siku tisa wengine watatu nao waliketi, kila mmoja akapewa jiwe au mawili. Jioni ya siku ya kumi, giza likiwa limeingia, aliyatoa mawe na kumwekea kila kuku mayai kumi. Usiku hawabishani.

Mipaka anaijua. Yai likikaa zaidi ya siku saba hadi kumi kabla ya kulaliwa, uwezekano wa kuanguliwa hushuka, kwa hiyo yaliyozidi hapo yalikwenda jikoni. Mwekundu aliwekewa chakula na maji hatua mbili kutoka kiotani, maana tayari alikuwa ametumikia siku kumi bure na alibakiwa na 21. Shangazi hachanganyi mawe na mayai. Kuku hugeuza mayai kwa mdomo mara nyingi kwa siku, na jiwe likigonga ganda litalipasua. Hatumii pia mayai viza kama chambo. Yakipasuka yanachafua kiota kizima, na uvundo hauishi. Adui anayemwogopa zaidi ni utitiri. Kuku akianza kusimama-simama usiku, au ukiona vidudu vidogo vikitembea mkononi baada ya kumshika, majani yote yatolewe na kuchomwa, la sivyo atayaacha mayai yakiwa yamebakiza siku chache.

Siku ya saba aliyapima kwa tochi gizani. Yai lenye uhai lilionyesha doa na mishipa myekundu kama mizizi. Sita yalikuwa meupe, akayatoa. Kati ya 34 yaliyobaki walitoka vifaranga 29. Aliwagawa usiku kwa kuku wawili, ambao walipokea wa kwao na wa wenzao bila kuchagua.

Wawili waliobaki, mwekundu akiwamo, alitaka warudi kutaga. Majirani wengine huwachovya kuku hao kwenye maji baridi, jambo ambalo sioni linafika kwenye chanzo. Yeye aliwaweka kwenye tundu lenye sakafu ya wavu, limeinuliwa juu, penye mwanga, pana chakula na maji, hakuna hata unyasi. Juu ya wavu tumbo hupigwa upepo na halina cha kulalia, homoni hushuka. Siku ya pili alimfungulia mwekundu kumjaribu, naye akakimbia moja kwa moja mpaka kilipokuwa kiota. Kapu lilikuwa limeondolewa. Alikaa hivyohivyo juu ya alama ya mviringo vumbini, akavimba. Akarudishwa tunduni. Siku ya nne alifunguliwa tena, akapita pale bila kugeuka, akaenda kuparua jaani na wenzake. Yai lake la kwanza lilikuja wiki mbili baadaye.