Pale mstari unapokata mpindo wa balbu

Chukua balbu ya taa ya breki ya gari, ile ya volti 12 na wati 21. Iunge na betri ya volti 12, lakini katikati ya waya weka rezista ya omu 4. Balbu itawaka kwa hafifu, na rangi yake itaelekea kwenye wekundu. Sasa swali: kuna volti ngapi kwenye balbu, na mkondo unaopita ni ampea ngapi?

Mtu aliyesoma fizikia ya sekondari atakimbilia kanuni ya Ohm, na hapo ndipo atakapokwama, kwa sababu kanuni hiyo inataka ajue ukinzani wa balbu kwanza. Akipima balbu ikiwa baridi, mita itamwonyesha kama nusu omu. Akikokotoa kutokana na maandishi ya kwenye balbu, wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75, yaani ukinzani wa karibu omu 6.9. Namba ya kwanza itampa mkondo wa ampea 2.67, na ya pili itampa ampea 1.1. Majibu hayo mawili hayakaribiani, na yote mawili si sahihi.

Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Uzi wa balbu ni waya mwembamba wa tangsteni uliosokotwa, na ukinzani wa tangsteni hupanda kadiri joto linavyopanda. Balbu inapowaka kikamilifu uzi wake huwa na joto la nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, na ukinzani wake huwa umeshaongezeka zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo ukinzani unategemea joto, joto linategemea mkondo, na mkondo nao unategemea ukinzani. Ukijaribu kutegua fumbo hili kwa hesabu tupu utazunguka hapo hapo. Karatasi ya grafu na rula hulimaliza kwa dakika chache.

Kwanza unahitaji sura ya balbu yenyewe. Iunge na chanzo cha umeme chenye kitasa cha kubadilisha volteji. Mita ya ampea iwe njiani mwa mkondo, na ncha za mita ya volti zishike miguu ya balbu yenyewe. Zisishike nguzo za chanzo, kwa sababu waya na mita ya ampea navyo hula volti kidogo. Anza na volti 1, ngoja kidogo uzi utulie kwenye joto lake, soma mkondo, kisha panda. Balbu ya aina hii hutoa namba zinazokaribia hizi: kwa volti 1, ampea 0.45, kwa volti 2, ampea 0.65, kwa volti 4, ampea 0.96; kwa volti 6, ampea 1.2, kwa volti 9, ampea 1.5, na kwa volti 12, ampea 1.75.

Weka volti kwenye mhimili wa mlalo na ampea kwenye mhimili wa wima, kisha unganisha nukta kwa mkono uliotulia. Hutapata mstari ulionyooka. Utapata mpindo unaopanda kwa kasi mwanzoni, halafu unaendelea kulala. Kutoka volti 1 hadi 2 mkondo umeongezeka kwa ampea 0.2, ilhali kutoka volti 9 hadi 12, volti tatu nzima, umeongezeka kwa robo ampea tu. Kila volti mpya inakuta uzi wenye joto zaidi na ukinzani mkubwa zaidi.

Mpindo huo ni habari ya balbu peke yake. Haujui lolote kuhusu betri wala rezista. Habari ya upande wa pili wa saketi ni rahisi zaidi. Betri inatoa volti 12. Rezista inachukua sehemu yake, ambayo ni mkondo mara omu 4, na kinachobaki ndicho kinachoifikia balbu. Ukiuweka uhusiano huo kwenye grafu ile ile unapata mstari ulionyooka, nao ndio mstari wa mzigo. Nukta mbili zinatosha kuuchora. Kama hakuna mkondo wowote, rezista haili kitu na balbu inapata volti zote 12: weka alama kwenye volti 12, ampea 0. Kama miguu ya balbu imepigwa shoti, rezista inakula volti zote 12, na mkondo ni 12 kugawa kwa 4: weka alama kwenye volti 0, ampea 3. Piga rula kati ya alama hizo mbili.

Mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mpindo unapanda. Vinakatana mahali pamoja tu, karibu na volti 6.85 na ampea 1.29. Hiyo ndiyo nukta ya kazi, nayo ni jibu la swali letu. Uzi una ukinzani wa omu 5.3, namba ambayo hakuna mita wala maandishi ya kwenye balbu yangekuambia. Balbu inakula wati 8.8. Rezista inachukua volti 5.15 zilizobaki na kuzigeuza kuwa joto la wati 6.6. Balbu hafifu tuliyoiona sasa ina maelezo kamili.

Wengi huishia hapo, na mimi naona wanaacha sehemu tamu kuliko zote. Mistari hii miwili haina hadhi sawa. Mstari wa mzigo unatii kila wakati, hata katika sehemu ya elfu ya sekunde, kwa sababu betri na rezista havingoji chochote. Mpindo ni kweli pale tu uzi unapokuwa umetulia kwenye joto lake. Ndiyo maana tulingoja kabla ya kusoma kila kipimo.

Fuata basi kinachotokea unapobonyeza swichi. Uzi ni baridi, ukinzani wake ni nusu omu. Mkondo unaruka mara moja hadi ampea 2.67, na balbu ina volti 1.3 tu. Nukta hiyo iko juu ya mstari wa mzigo, upande wa kushoto kabisa, mbali sana na mpindo. Uzi unapata joto, ukinzani unapanda, na nukta inateleza juu ya mstari kuelekea kulia. Ikifika volti 4 mkondo ni ampea 2, ukinzani ni omu 2, na umeme unaingiza wati 8 ndani ya uzi. Lakini uzi huu wenye ukinzani wa omu 2 bado una joto dogo, na ukiusoma kwenye mpindo utaona kwamba katika hali hiyo unapoteza chini ya nusu wati. Wati saba na ushee hazina pa kwenda ila kuupasha zaidi, kwa hiyo safari inaendelea. Inaishia kwenye volti 6.85, kwa kuwa hapo ndipo joto linaloingia linapolingana na joto linalotoka. Kama uzi ungepita hapo, ungepoteza zaidi ya unavyopokea, ungepoa, na ungerudi. Nukta ya kazi haichaguliwi na betri wala na balbu peke yake. Ni mahali ambapo uzi hauna tena sababu ya kubadilika.

Mchoro huo huo hufanya kazi kinyume, na hapo humfaa sana fundi wa umeme wa magari. Tuseme taa ya breki ya upande mmoja inawaka kwa hafifu kidogo kuliko mwenzake. Taa ikiwa inawaka, pima volti kwenye nguzo za betri: 12. Pima kwenye miguu ya balbu: 10.4. Pima mkondo: ampea 1.6. Weka nukta hiyo kwenye grafu. Ikikaa juu ya mpindo, balbu ni nzima na haina lawama, hivyo kuinunua nyingine ni kupoteza fedha. Sasa piga mstari kutoka volti 12, ampea 0, upitie kwenye nukta hiyo. Mteremko wake unaonyesha ukinzani uliojificha: volti 1.6 zimepotea kwa ampea 1.6, yaani omu 1. Mara nyingi ni kutu mahali waya hasi unapofungwa kwenye bodi, au kwenye soketi yenyewe. Wati 2.6 zinageuka joto hapo, na mwanga wa balbu umeshuka hadi kama asilimia 60, kwa sababu mwanga wa uzi hupungua haraka kuliko volti. Ukijaribu kuchora mstari huu kwa njia ya kawaida utaona kwamba alama ya juu iko kwenye ampea 12, nje kabisa ya karatasi. Hakuna shida: tumia nukta yoyote iliyo ndani, kwa mfano volti 9 na ampea 3, kwa kuwa omu 1 ikipitisha ampea 3 inakula volti 3.

Kama nukta iliyopimwa haikai juu ya mpindo, shaka inahamia kwingine. Huenda balbu si ya aina ile uliyochora, au umesoma kabla uzi haujatulia, au ncha za mita ya volti hazikushika miguu ya balbu. Betri nayo haina volti 12 daima. Injini inapozunguka hupanda hadi kama 14, na mstari wote wa mzigo husogea kulia bila kubadili mteremko wake. Betri iliyochoka au seli kavu za tochi zina ukinzani mkubwa wa ndani, na huo lazima ujumlishwe na wa rezista kabla ya kupiga rula.

Kuna matumizi mengine ya kila siku. Mtu anataka balbu hiyo hiyo iwe taa ya ndani isiyoumiza macho, idumu muda mrefu, na anaamua iwake kwa volti 9. Aanzie kwenye mpindo: kwa volti 9 mkondo ni ampea 1.5. Apige mstari kutoka volti 12, ampea 0, hadi hapo. Volti 3 kugawa kwa ampea 1.5 ni omu 2, na hiyo ndiyo rezista anayoitafuta. Mwanga utakuwa kidogo zaidi ya theluthi ya ule wa volti 12, nao uzi utadumu mara nyingi zaidi. Rezista itatoa wati 4.5 za joto muda wote, kwa hiyo anunue ya wati 10, ya waya uliozungushwa juu ya kauri, na aifunge mbali na plastiki. Asinunue ile ndogo ya kaboni. Swichi inapobonyezwa uzi ukiwa baridi, ampea karibu 5 zitapita kwa kitambo kifupi, na rezista itabeba zaidi ya wati 40 kabla nukta haijateleza hadi mahali pake.