Swali Fupi kwa Aliyeripoti Hitilafu

Mtumiaji anaripoti: “Programu inajifunga nikihifadhi picha.” Fundi akijibu tu “toa maelezo zaidi,” huenda asijibiwe, kwani mwenzake hajui kinachokosekana. Afadhali aandike hivi:

“Asante. Nimejaribu toleo la 4.2 kwenye Android 13 kwa picha ndogo, halikujifunga. Tafadhali nieleze: picha uliipiga au uliichagua kwenye simu, ina ukubwa gani, na ulibonyeza nini kabla ya Hifadhi? Nikisubiri jibu lako, ninajaribu picha kubwa.”

Jibu linakuja: “Niliipiga, MB 12, nikaizungusha kwanza.” Fundi anarudia hatua hizohizo. Ikijifunga kwake pia, ana pa kuanzia kutafuta chanzo. Isipojifunga, sasa ndipo aulize aina ya simu.